Mkojo umeacha kuchoma, sasa ubavu ndio unaouma

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, niko Tanga, mimba ya kwanza, wiki ya 29. Mwezi uliopita mkojo ulianza kunichoma kama nimejipaka pilipili, na kila nikitoka chooni nataka kurudi. Mama mkwe, ambaye ninaishi naye, alisema ni mtoto amekalia kibofu, kila mjamzito anapitia. Akanichemshia mizizi. Sikupata nafuu, nikaenda duka la dawa. Muuzaji akaniuliza tu, "Yutiai?" akanipa sipro za siku 5. Siku ya 3 mkojo ukaacha kuchoma, na jirani akaniambia dawa hizo zinaharibu mtoto. Nikaziacha.*

*Sasa hauchomi, lakini usiku naamka mara 5 au 6, unatoka kidogo tu na una harufu. Tangu juzi ubavu wa kulia, kwa nyuma, unauma kama nimebeba ndoo kutwa. Tarehe yangu ya kliniki ni baada ya wiki 3.*

*Kinachoninyima usingizi zaidi ni mume wangu. Ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma, ana miezi 2 hajarudi. Nilipomwambia kwenye simu kwamba nina yutiai alinyamaza, halafu akasema, "Umeitoa wapi?" Tangu siku hiyo sijaitaja tena, nimemwambia nimepona. Na mimi moyoni najiuliza kama si yeye aliyeniletea. Nikienda hospitali wataandika kwenye kadi, na kadi ataiona. Nisubiri tarehe ya kliniki? Na zile dawa, zimemdhuru mtoto?*

*Mama Kijacho, Tanga*

Marahaba mwanangu. Kabla hatujafika kwa mume na mama mkwe, niambie unaendeleaje leo. Mwili umepata joto? Umewahi kutetemeka ukajifunika kanga mbili mchana wa jua? Umetapika? Tumbo linakaza na kuachia kwa vipindi? Umeona damu au majimaji ukeni, au mtoto amepunguza kucheza? Likiwapo hata moja kati ya hayo, acha kunisoma, nenda hospitali yenye wodi ya wazazi sasa hivi, hata kama ni saa 8 za usiku. Kama hakuna, bado huo ubavu wa kulia unanifanya nikuombe uende leo, au kesho asubuhi ukichelewa sana. Tarehe iliyo kwenye kadi ni siku waliyopanga wao kukuona. Mjamzito anayeumwa haingoji tarehe.

Haya, sasa tuzungumze.

Mama mkwe wako hakukosea yote, na nataka umwambie hivyo ukirudi, maana mtamlea huyo mtoto pamoja. Ni kweli mimba humpeleka mtu chooni mara nyingi, hasa miezi ya mwanzo na tena ya mwishoni. Lakini mkojo wa mimba tupu hauchomi. Hauna harufu ya ajabu, haupigi ukungu kwenye kopo, na hauna ile tabia ya kukuamsha kwa haraka halafu yanatoka matone mawili. Mjamzito mzima akienda chooni mara 5 usiku, kila safari anatoa mkojo wa kutosha. Wewe umeniandikia kwamba unatoka kidogo na unanuka. Kwangu maneno hayo yana uzito kuliko idadi ya safari.

Kuna swali lingine ambalo mhudumu atakuuliza, nalo lifikirie tangu sasa: ulipokuwa unachoma, maumivu yalikuwa ndani, mkojo unapopita, au nje, unapogusa ngozi? Ukichoma nje, pamoja na muwasho na uchafu mzito mweupe, mara nyingi ni fangasi wa ukeni, ambao wajawazito huwapata sana na dawa yao ni nyingine kabisa. Ukichoma ndani, tunafikiria kibofu. Watu wengi hutibiwa yutiai miezi na miezi kumbe hakuna aliyewauliza swali hili.

Sasa, jambo ambalo mama mkwe hakuliona ni kwamba mimba hiyohiyo anayoitolea sababu ndiyo inayougeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa. Mkojo hutengenezwa kwenye figo mbili, ukashuka kwenye kibofu kupitia mirija miwili myembamba. Kwa mtu asiye na mimba, mirija hiyo inajikamua, inausukuma mkojo chini muda wote. Ukipata mimba, homoni ya projesteroni inalegeza misuli mingi ya ndani, na mirija hiyo nayo inalegea. Kisha mfuko wa uzazi unakua, unainamia kidogo upande wa kulia, na kuubana mrija wa upande huo. Mkojo unatembea polepole, mwingine unatuama juu ya pale palipobanwa. Bakteria waliokuwa kwenye kibofu tu wanapata njia pana na maji yaliyosimama, wanapanda. Ndiyo maana figo ya wajawazito inayougua mara nyingi zaidi ni ya kulia, na ndiyo maana ubavu wako umenishtua. Inawezekana ni mgongo tu, wiki ya 29 migongo inauma. Daktari atagonga taratibu chini ya mbavu zako za nyuma, kulia na kushoto. Ukiruka upande mmoja, atajua pa kutazama.

Utaniuliza, kama mkojo umeacha kuchoma, bakteria hao wako wapi? Kuchoma kunatokana na uvimbe wa kibofu na njia ya mkojo. Dozi nusu inaweza kupunguza bakteria hadi uvimbe ukatulia, lakini wale wagumu wakabaki. Na wako wajawazito ambao hawakuchomwa hata siku moja, mkojo wao ukioteshwa maabara unajaa bakteria. Kwa mtu asiye na mimba hali hiyo ya kimya kwa kawaida huachwa bila dawa. Kwa mjamzito inatibiwa, kwa sababu vitabu vya uzazi vinasema wasipotibiwa, hata 20 hadi 35 kati ya kila 100 wanaweza kufikwa na maambukizi ya figo. Tafiti nyingine za karibuni, kwa wanawake wenye afya nzuri, zimepata wachache zaidi ya hapo. Wewe lakini si wa kundi la kimya. Wewe uliumwa, ukatibiwa nusu, na sasa una dalili mpya.

Figo ikishikwa, hatari ni kwenu wawili. Kwako, bakteria wanaweza kuingia kwenye damu, mapigo yakapanda na presha ikashuka. Figo zikapunguza kazi, na wakati mwingine hata mapafu yakajaa maji. Kwa mtoto, homa na sumu za bakteria zinauchokoza mfuko wa uzazi uanze kukaza kabla ya wakati. Mtoto wa wiki ya 29 mapafu yake bado hayajakomaa, na uzito wake ni kilo moja na kitu. Anaweza kupona akipata uangalizi mzuri, lakini wiki nyingine 8 tumboni zinamsaidia kuliko mashine yoyote.

Nitakusimulia kisa kimoja cha wakati nikiwa mkunga wa zamu. Aliletwa dada mmoja, mimba ya kwanza, wiki ya 31, anatetemeka hadi kitanda kinalia. Nyumbani walikuwa wameshaamua ni malaria, na nani angewalaumu? Huku kwetu mtu akitetemeka hilo ndilo neno la kwanza. Alikuwa amekunywa dawa ya mseto siku 2 bila kupima. Tukampima kwa kipimo cha haraka, hakuna malaria. Joto lilikuwa 39.4. Nilipomgusa mgongo upande wa kulia alinishika mkono kwa nguvu. Nikamuuliza kuhusu mkojo, akasema, "Ulinichoma wiki 2 zilizopita, ukaacha wenyewe." Mkojo ulikuwa na ukungu kama maji ya mchele. Wakati tunamwekea dripu, tumbo likaanza kukaza kila baada ya dakika 10.

Alichomwa dawa ya bakteria kwenye mshipa, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto endapo angejifungua. Homa ilishuka siku ya 3, tumbo likatulia. Alipokaa siku 2 bila homa alibadilishiwa vidonge akamalizie siku 14 kwa jumla. Alijifungua wiki ya 37, mtoto wa kike. Alikuwa na bahati ya jirani mwenye bajaji usiku ule.

Kuhusu zile sipro. Jirani yako ana hoja, ingawa aliitoa kwa namna ya kutisha. Siprofloksasini haipewi wajawazito kwa kawaida, kwa sababu kwa wanyama wachanga ilionekana kudhuru gegedu za viungo, na zipo dawa zilizo salama zaidi. Lakini wanawake wengi wameshainywa bila kujua kwamba wana mimba, na walipofuatiliwa haikuonekana wazi kwamba watoto wao walizaliwa na kasoro kuliko wengine. Siku zako 3, tena mtoto akiwa ameshaumbika, si sababu ya kulia usiku. Zitaje tu kwa daktari, jina na idadi. Hilo ni muhimu kwa sababu nyingine: bakteria walionusurika pengine hawaiogopi tena dawa hiyo na ndugu zake.

Ndiyo maana ningependa safari hii mkojo wako uoteshwe, usiishie kwenye kile kijiti kinachobadilika rangi. Kijiti kina msaada wake, lakini sehemu moja yake hutafuta kitu ambacho bakteria hukitengeneza wakikaa na mkojo kibofuni kwa saa kama 4. Wewe unayekwenda chooni mara kwa mara unaweza kuambiwa uko salama wakati si kweli. Hadubini nayo itaona chembe za usaha, na hapo ndipo yutiai nyingi za mtaani zinapozaliwa: chembe chache zilizotoka ukeni zinaingia kwenye kopo, mtu anaandikiwa dawa, baada ya mwezi anaambiwa ana "yutiai sugu". Kuotesha ndiko kunakoonyesha kama kuna bakteria, wa aina gani, na dawa ipi inamuua.

Sasa kopo lenyewe. Ukiweza, toa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na kabla hujaanza dawa mpya yoyote. Nawa mikono. Jisafishe kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole na uyaache hivyo. Mkojo wa mwanzo uache uende chooni, kisha kinga wa katikati, kopo lisiguse ngozi, na wa mwisho uache uende zake. Ufike maabara ndani ya saa 1 au 2. Ukikaa kwenye joto la Tanga nusu siku, bakteria wataongezeka humohumo koponi na majibu yatakudanganya. Majibu huchukua siku 2 au 3. Wakisema wameota aina moja ya bakteria, 100,000 au zaidi kwa mililita, hayo ni maambukizi. Wakisema ni mchanganyiko wa aina nyingi, uwezekano mkubwa ni uchafu wa ngozi, omba kurudia. Kwa dalili zako hawatasubiri siku hizo 3 bila kukupa kitu. Wataanza na dawa inayoelekea kufaa, kisha wabadilishe majibu yakitaka.

Dawa gani? Hilo ni la atakayekushika mgongo, mimi niko mbali. Ila usishangae ukisikia majina haya. Kama ni kibofu tu, kuna nitrofurantoini, kwa kawaida miligramu 100 mara 2 kwa siku kwa siku 5 hadi 7, pamoja na chakula. Itageuza mkojo rangi ya chai, usiogope. Haipewi mtu anayekaribia kujifungua, kwa sababu inaweza kuvunja chembe za damu za mtoto mchanga, lakini wiki ya 29 bado uko mbali. Sefaleksini nayo hutumika, na amoksilini pia, ingawa hii ya pili siku hizi bakteria wengi wameizoea. Kama ni figo, utalazwa. Nitrofurantoini hapo haifai, kwa kuwa inafanya kazi ndani ya mkojo tu na haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo. Na mizizi ya mama mkwe? Kunywa maji mengi, madafu, hata maji ya shayiri, kunapunguza ukali. Mizizi iliyochemshwa hakuna ajuaye umekunywa kiasi gani cha nini, na figo iliyovimba haitibiki kwa kikombe. Wiki moja au 2 baada ya kumaliza dozi, rudi mkojo ukaoteshwe tena, hata kama unajisikia mzima.

Nimelichelewesha la mume, nawe umeliita ndilo linalokunyima usingizi. "Umeitoa wapi?" Nimeisikia sentensi hiyo kwa wanawake wengi mno. Wengine hujitetea kwa kusema choo cha kuchangia, na waume hukubali kwa sababu nao wamesikia hivyo. Mimi napendelea ukweli, ambao unakutetea vizuri zaidi. Bakteria anayeongoza kwa ugonjwa huu anaitwa E. koli, na makazi yake ni utumbo wako mwenyewe. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, na haiko mbali na njia ya haja kubwa. Safari ni fupi. Hahitaji choo cha jirani wala mwanamume wa pembeni. Tendo la ndoa linaweza kumsukuma ndani, lakini mume wako hajarudi miezi 2, kwa hiyo hata hilo halipo. Mtawa anaweza kuupata.

Wala sitakudanganya upande wa pili. Kisonono, klamidia na trikomonasi navyo vinaweza kuchoma mkojo, na hivyo huambukizwa kwa kujamiiana. Ukiwa na usaha au uchafu wenye harufu ukeni, mwambie mhudumu, naye anaweza kutaka kupima. Kipimo hicho si hukumu juu yako wala juu yake. Lakini usianze kumshuku mumeo kwa ugonjwa ambao bado haujajulikana jina. Na yeye huenda alinyamaza kwa woga tu: wanaume wengi wanaamini yutiai ni jina la heshima la gonjwa la zinaa.

Kuhusu kumwambia, naona njia 2 au 3, na kila moja ina mwiba. Unaweza kumpigia kabla hujaenda: "Ubavu unaniuma, nakwenda hospitali, wanahofia figo." Atakuwa nawe tangu mwanzo, na atajua kwa nini unahitaji nauli na hela ya vipimo. Mwiba ni kwamba anaweza kuuliza tena lile swali ukiwa umechoka. Unaweza kusubiri majibu, umsomee jina la bakteria, na umweleze anakotoka. Hapo una karatasi mkononi. Lakini ukilazwa ghafla atasikia kwa mama yake, kwa maneno ya mama yake. Au mwombe muuguzi wa kliniki aongee naye kwa simu, au siku atakayorudi mwende naye. Wanaume wengine neno la mkunga wanalipokea kuliko la mke, inaudhi lakini ndivyo ilivyo. Wewe ndiye unayemjua, ulimi wake na hasira zake. Kama unahofia atakupiga, basi hesabu ni nyingine, nawe mwambie mkunga faraghani kabla ya kumwambia yeye.

Ninachokuomba ni usiipange siku ya hospitali kwa kufuata siku ya mazungumzo hayo. Kuhusu kadi, kitakachoandikwa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukijifungua ghafla mahali usipofahamika, mkunga atakayekupokea atahitaji mstari huo, hasa ikiwa bakteria walioota ni streptokoka wa kundi B. Wao hulazimu mama apewe dawa akiwa kwenye uchungu ili wasimpate mtoto, hata kama walishatibiwa.

Kesho asubuhi basi, usipokuwa umeshakwenda. Chukua kadi, kanga 2, na mtu wa kukusindikiza. Mwambie mama mkwe, pengine atapenda kuombwa. Na lile pakiti la sipro liweke kwenye mkoba, hata kama limebaki vidonge vichache, wavihesabu wao.

Shangazi